Mzee akisema "mgeni ndoo", wewe useme nini?

*Assalaam alaikum mwalimu, na shikamoo. Naishi Mikindani. Jumamosi tutapokea wageni kumi na wawili, Waingereza, wanaokuja kutazama mikoko tuliyopanda kando ya mkono wa bahari wa Tudor. Mzee wetu wa mtaa ndiye atakayewakaribisha, na mimi nimeambiwa nitarjumi. Amenisomea atakayosema nami nimekuandikia yote. Kiingereza nakijua, lakini kila nikijaribu nyumbani maneno ya mzee yanakuwa hayana ladha, na mengine sijui hata niyashike wapi. Nifanyeje?*

Waalaikumu salaam, na marahaba mwanangu. Nimeisoma hotuba ya mzee mara mbili, mara ya pili kwa sauti na kwa mwendo wa mtu mzima asiyekimbizwa. Imechukua dakika nne. Wewe utachukua nne nyingine, na kipaza sauti kikipita mkono kwa mkono huongeza moja. Kwa hivyo, kabla ya lolote, mwambie anayepanga shughuli aandike dakika kumi. Akiandika tano utaharakishwa ukiwa katikati, na mkalimani akiharakishwa hukata sehemu asiyoielewa, ambayo mara nyingi ndiyo mzee aliyoitia moyo wake.

Ladha inapotea kwa sababu unachukua maneno ya mzee na kuyapeleka moja kwa moja kwenye Kiingereza. Hotuba ya makaribisho ni fupi, lakini karibu kila sentensi ndani yake inafanya kazi fulani: hii inasalimu, hii inampa mtu heshima yake, hii inaomba radhi, hii inaalika. Maneno ni vyombo vya kufanyia kazi hiyo tu, na Mwingereza kwao ana vyombo vingine. Chukua karatasi, uikunje katikati. Upande wa kushoto andika sentensi ya mzee kama ilivyo. Upande wa kulia andika maana yake kwa Kiswahili cheupe, kisicho na methali wala mapambo, kama unamweleza mtoto wa miaka kumi mzee amekusudia nini. Kiingereza usikiguse bado. Ukimaliza, utoe Kiingereza kutoka upande wa kulia, si wa kushoto. Hatua hii ya katikati inaonekana kama kupoteza wakati, ila mimi sijawahi kufanya hotuba nzuri bila hiyo, na kwa hotuba yako itakula saa moja tu. Tuipitie pamoja.

Mzee anaanza hivi: "Bismillahi. Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Mheshimiwa chifu, maimamu wetu, wazee wenzangu, kina mama, vijana wa kikundi, wageni wetu wapenzi, itifaki imezingatiwa." Akitoa salamu, watu wataitikia. Nyamaza mpaka waitikie wote, halafu useme kwa Kiingereza kwamba amani na rehema za Mungu ziwe juu yenu. Usianze juu ya sauti za watu, kwa sababu ile itikio ni sehemu ya salamu na wageni wanapenda kuisikia. Kisha taja vyeo kwa mpangilio uleule aliouweka mzee. Akimtaja chifu kabla ya maimamu, wewe usipindue, hata kama umeandika vingine kwenye karatasi yako. Walioketi mbele wanasikiliza mpangilio huo kuliko unavyofikiri, na wengi wao Kiingereza wanakisikia.

Neno "chifu" litakuhadaa kwa sababu limetoka hukohuko kwenye Kiingereza. Mgeni akilisikia atamwona mfalme wa kabila mwenye kiti cha enzi. Chifu wetu ni mtumishi wa serikali anayesimamia lokesheni, na ndivyo utakavyomtaja, kwa maneno manne au matano tu. Na "itifaki imezingatiwa" ukiitoa neno kwa neno, Mwingereza atahisi anasomewa kumbukumbu za kikao. Kwa Kiswahili cheupe mzee anasema, "ambaye sikumtaja asione nimemdharau." Basi sema kwamba anawasalimu pia wote ambao hakuwataja mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Imeisha hapo.

Kinachofuata ni "Mgeni ndoo, mwenyeji apone." Naona umekizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Hata mimi ningekizungushia.

Sisi tunaijua methali hii tangu tukiwa wadogo. Mgeni akija, kuku aliyekuwa akiachwa kwa ajili ya sikukuu huchinjwa leo, ugomvi wa ndani hunyamazishwa, na watoto hulala wameshiba. Mwenyeji ndiye anayepata nafuu. Lakini kwa Kiingereza, "kupona" kuna ugonjwa ndani yake. Ukilitoa hivyo, wale kumi na wawili watasikia kwamba sisi ni wagonjwa na wao ndio matabibu. Na kwa wageni waliokuja kutazama mradi, sikio hilo liko tayari kabisa kusikia hivyo, kwa sababu wengi wao wamekwisha kuambiwa kwamba wanakuja kuokoa watu. Mzee hakusema hivyo. Alichofanya ni kuwapa wageni heshima na hapohapo kumweka mwenyeji kama mtu mwenye nyumba, mwenye kuku na mwenye furaha.

Namna ninayoipenda ni kuwaambia kwanza kwamba hii ni methali. Mgeni akijua anasikia methali, hulegeza sikio na hatafuti habari ndani yake. Kisha unatoa maana kwa sentensi moja: mgeni akiingia, nyumba nzima hufaidika. Basi. Usimweleze habari ya kuku. Najua utatamani, kwa sababu ni tamu, lakini mzee hakuisema, na ukianza kueleza utakuwa umemnyang'anya hotuba yake. Akitaka kueleza, ataeleza mwenyewe. Wala usihangaike kutafuta methali ya Kiingereza inayofanana. Zilizopo kuhusu wageni ninazozifahamu zina ukali kidogo kwa mgeni, na methali ya watu wengine kinywani mwa mzee wa Mikindani humfanya asikike kama aliyevaa kanzu ya kuazima.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo wewe hukuizungushia duara, na mimi ndiyo inayonitia hofu zaidi: "Mtusamehe sana kwa mapungufu yetu. Tumewapokea kwa mikono mitupu."

Miaka mingi nyuma, nikiwa kijana na Kiingereza kikinitoka puani, niliitafsiri sentensi kama hii neno kwa neno kwenye shughuli moja upande wa Likoni. Nikawaambia wageni, kwa niaba ya mzee, kwamba tunaomba msamaha kwa makosa yetu na kwamba hatukuwa na kitu cha kuwapa. Wakatazamana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, nadhani akimwuliza kumetokea nini. Kiongozi wao aliposimama kujibu, kwa nia njema kabisa, akasema wao wamesamehe, na kwamba wataangalia namna ya kutusaidia. Nikalazimika kumtafsiria mzee maneno hayo. Uso wake ulishuka, na nyuma yake kulikuwa na sufuria nne za pilau, sambusa, na madafu yaliyokatwa tangu asubuhi. Aliyefanya kosa ni mimi, na mzee hakuniambia neno, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angenikaripia.

Kwetu, mwenyeji mwenye adabu huidunisha karamu yake. Kadiri alivyoandaa vingi ndivyo anavyosema hakuna kitu. Kila Mswahili aliyeketi pale anajua kuipindua sentensi hiyo na kusikia kinyume chake. Mwingereza wa siku hizi hana kawaida ya kuipindua. Yeye mwenyeji akimwambia hakuna kitu, anaamini hakuna kitu, na akiombwa msamaha anatafuta kosa. Kwa hivyo Kiswahili cheupe cha sentensi hii ni: "Heshima yenu ni kubwa kuliko tulichoandaa." Ukiwaambia hivyo, yaani kwamba wenyeji wangependa kuwatendea hata zaidi ya haya, unyenyekevu wa mzee unabaki palepale na hakuna anayetafuta kosa wala mfuko. Neno la msamaha liache kabisa. Hapa kulitafsiri ndiko kunakopotosha.

Kipimo ninachokitumia kwa sentensi za namna hii ni kujiuliza mgeni atafanya nini baada ya kuisikia. Akisikia makaribisho atatabasamu. Akisikia msamaha atatafuta jambo la kusamehe. Lile analolifanya likiwa silo mzee alilolitaka, tafsiri yako ina kasoro, hata kama kila neno ndani yake linapatikana kwenye kamusi.

Mzee anaendelea: "Vijana wetu tangu mwaka wa juzi wamepanda miche elfu tatu na mia tano, mikoko na michu. Lakini chombo hakiendi ila kwa nyenzo."

Nianze na miti, kwa sababu wageni wako wamekuja kwa ajili yake na pengine baadhi yao wanaijua vizuri. Sisi neno "mikoko" tunalitumia mara mbili. Ni jina la miti yote inayoota kwenye maji ya chumvi na tope, na tena ni jina la mti mmoja hasa, ule wenye mizizi iliyojiinua kama magongo na mbegu ndefu inayoning'inia. Mchu ni ndugu yake katika kundi hilohilo, ule unaotoa vijiti vya mizizi vinavyochomoza kwenye tope kama kalamu. Kiingereza kina neno moja la kundi zima. Ukilitumia kwa mkoko na kuuacha mchu na jina lake la Kiswahili, wageni wataelewa mmepanda mikoko pamoja na mmea mwingine usiohusika, na mmoja atakuuliza kwa nini. Sema kwanza neno la jumla, kisha kwamba ni aina mbili, uzitaje kwa majina yetu, mkoko na mchu. Ukiwa na nafasi ongeza mizizi ya kila mmoja kwa maneno matatu. Hili ni nyongeza, ndiyo, lakini mzee alilisema. Liko ndani ya yale majina mawili, na bila hayo maneno matatu majina hayana kitu kwa mgeni. Hapo ndipo tofauti yake na habari ya kuku ilipo.

Elfu tatu na mia tano iandike kwa tarakimu, 3,500, tangu sasa. Tarakimu hupotea kwanza kichwani mtu akiwa na hofu, na mkalimani hodari kuliko mimi na wewe huiandika.

Sasa nyenzo. Methali hii ni ya pwani yetu: jahazi lililopandishwa ufukweni halirudi majini kwa kusukumwa tu, linahitaji yale magogo ya kuviringika chini yake. Lakini leo "nyenzo" pia ni vifaa, fedha, mahitaji ya kazi. Mzee anaweza kuwa anasema mambo mawili tofauti hapa. La kwanza ni kwamba kazi hii imewezekana kwa sababu watu wameshikana, na wageni nao ni sehemu ya hao. La pili ni kwamba kazi imesimama kwa kukosa vifaa, na mwenye kusikia asikie. Kiswahili kinamruhusu kuacha mlango huo nusu wazi. Asiyetaka kuombwa hataona ameombwa, na mwenye kuelewa ataelewa. Huu ni ustadi mkubwa, na katika Kiingereza ni vigumu kuubeba. Ukiegemea upande wa kwanza, ombi linafutika. Ukiegemea wa pili, umemsimamisha mzee mbele ya chifu na maimamu akiomba pesa siku ya kwanza.

Si haki yako kuamua, na wala si yangu. Nenda kamwulize. Mwambie, "Mzee, hapa kwenye nyenzo, wataka wasikie umoja au wataka wasikie haja?" Akisema umoja, toa picha ya chombo kinachohitaji mikono mingi na magogo mengi ili kifike majini. Akisema haja, mwulize kama ataitaja kwa jina, kwa mfano mifuko ya kitalu au mtumbwi wa kuvusha miche, kwa sababu mgeni hushika kitu chenye jina kuliko dokezo. Akisema, "liache vivyo hivyo," basi toa methali pamoja na picha yake, kwamba chombo hakifiki majini bila magogo ya kukiviringishia, na usitie ufafanuzi wowote. Mlango ubaki nusu wazi kama alivyouacha. Wachache watauona, lakini haukufungwa na wewe.

Hiyo safari ya kwa mzee uifanye mapema, Alhamisi au Ijumaa baada ya alasiri. Robo saa itatosha, na una mambo mengine mawili ya kumwuliza. Moja ni hili: "Mwenyekiti wa kikundi hayupo, amesafiri, ila anawasalimu sana." Ni mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakikuhitaji kujua, na Kiingereza kitakudai jibu kabla hujamaliza sentensi, kwa kuwa "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike kwao ni maneno mawili. Kama mwenyekiti ni mama na wewe ukamfanya bwana, kina mama wa kikundi watakucheka hapohapo, na wana haki. Huenda unamjua, lakini pitia hotuba nzima na uweke alama kwenye kila "yeye", "mwalimu", "daktari" na "ndugu".

La pili ni wakati. "Saa saba tutakula pamoja. Na usiku wa Ijumaa ijayo, inshallah, tuna maulidi, nyote mmealikwa." Saa saba ya mzee ni saa moja mchana kwa hesabu yao, hilo unalijua ukiwa umetulia. Ukiwa umesimama mbele ya watu, mdomo utasema saba, kwa sababu saba ndiyo iliyo sikioni. Iandike kwenye karatasi tayari imegeuzwa: 1:00 mchana. Jambo la usiku ni zito zaidi. Kwa wazee wetu usiku hutangulia mchana wake, basi "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoingia Alhamisi jua likizama. Mwingereza akisikia usiku wa Ijumaa atakuja Ijumaa, na atakuta wafagizi. Lakini vijana wengi wa leo nao husema usiku wa Ijumaa wakikusudia Ijumaa yenyewe. Kwa hivyo usikisie. Mwulize mzee, "Ni Alhamisi kuamkia Ijumaa?" kisha uitaje kwa Kiingereza kwa jina la siku na tarehe.

Inshallah nayo ina shida yake. Kwa mzee ni ahadi iliyofungwa kwa jina la Mungu. Wageni wengi wamekwisha kuizoea kama njia ya kusema "labda". Taja Mungu, kwa sababu mzee amemtaja, lakini kitenzi chako kiwe imara: maulidi yatakuwepo siku fulani, Mungu akipenda, nanyi mmealikwa.

Mwisho wake ni "Sina mengi. Karibuni tena na tena. Wabillahi taufiq." Hapa pita haraka. "Sina mengi" ni ishara tu kwamba anamaliza, useme kwamba anakaribia mwisho. "Karibuni tena" mgeni hataielewa akiwa ndiyo kwanza amefika, atadhani ameagwa. Maana yake ni kwamba milango iko wazi kwenu siku zote. Na ile ya mwisho ni dua ya kufungia, Mungu atuwezeshe.

Baada ya kumwuliza mzee, mwombe mjaribu mara moja. Mwambie awe anasimama kila baada ya sentensi mbili au tatu. Atakubali, na Jumamosi atasahau. Wote husahau, maneno yakishapata moto. Pangeni ishara. Usimguse mkono wala kumvuta kanzu mbele ya watu, haitapendeza kwako wala kwake. Wewe simama kulia kwake, nusu hatua nyuma, mahali anapoweza kukuona kwa pembe ya jicho, na akizidisha sogea nusu hatua mbele na uinue daftari hadi kifuani. Katika majaribio yenu fanya hivyo mara mbili tatu mpaka azoee.

Ukizungumza, sema "mimi" akisema "mimi". Usiseme "mzee anasema kwamba". Ukifanya hivyo kila mara, sauti ya mzee inakwenda mbali na wageni wanaanza kukutazama wewe badala yake. Namna yako ya kumpa heshima ni kuwaelekeza macho yao kwake, kwa hivyo na wewe mtazame yeye akisema, kisha watazame wageni ukisema wewe.

Ataacha karatasi. Atamwona mtu aliyeingia akamtaja, au atakumbuka jambo la mafuriko au la ujana wake. Kwa hilo uwe na daftari dogo linalofunguka kwa juu, lisilokuhitaji meza. Usijaribu kuandika anachosema chote. Jean-François Rozan, mkalimani aliyefundisha Jeneva na kuandika juu ya kazi hii mwaka 1956, aliona alama ishirini zinatosha kwa hotuba yoyote, na alisisitiza kuandika wazo, si neno. Kwako wewe na kwa dakika nne zitatosha tatu: mshale wa "kwa hivyo", mstari uliokatwa wa "hapana", na herufi L ya "lakini". Yaliyobaki ni majina na tarakimu. Viunganishi hivyo vitatu naviweka mbele kwa sababu ukivikosa, maneno yote yanaweza kuwa sahihi na hotuba ikawa imegeuka. "Wamepanda, lakini chombo hakiendi" si sawa na "wamepanda, kwa hivyo chombo hakiendi."

Katika kuacha karatasi huenda akasema "wazungu wetu hawa", kwa mapenzi tu. Wewe sema "wageni wetu", ndivyo alivyokusudia. Neno lenyewe watakuwa wamelisikia kinywani mwake, na sauti yake itawaeleza kwamba hakuna ubaya. Kuliruka kabisa kungewafanya waulizane.

Ukikosea, na kuna atakayekuonyesha kwa sababu nusu ya hadhira inajua lugha zote mbili, usicheke wala usijitetee. Sema kwa Kiingereza, "mkalimani anajisahihisha," kisha toa tarakimu au neno sahihi. Hapo ndipo unapojitaja kama mtu wa pembeni, ili kosa lisidhaniwe ni la mzee. Ukiwa hukusikia, mwulize mzee kwa sauti ya chini, "Samahani mzee, umesema mia tano au mia tisa?" Hilo si aibu. Kukisia namba ya miche mbele ya waliokuja kuihesabu ndiyo aibu.

Halafu mgeni atajibu, na hili hukuliuliza lakini litakukuta. Kiongozi wao atasimama, atamtazama mzee na huenda akamwita kwa jina lake tupu, kama wanavyofanya kwao kwa kuonyesha ukaribu. Wewe usilirudishe hivyo. Kwa Kiswahili anza na "Mzee wetu", kwa sababu ukaribu anaoukusudia yule mgeni kwetu huvaa heshima, na jina tupu la mtu wa umri ule kinywani mwa binti yake wa mtaani lingesikika vibaya mno. Akisema asante fupi, iache fupi, usiinyooshe kuwa hotuba. Ila salamu zake zipeleke kwa mzee kwanza, kisha kwa waliobaki, hata kama yeye alizitupa kwa wote kwa pamoja.

Hotuba zikiisha na watu wakielekea kwenye chakula, mpe kiongozi wa wageni karatasi yenye mambo mawili yaliyoandikwa kwa Kiingereza: chakula saa ngapi kwa hesabu yao, na maulidi siku gani na tarehe gani. Iandike Ijumaa usiku, baada ya mzee kukujibu.